Mita hairudi nyuma: barua yangu kuhusu bili ya maji

Ankara niliikuta imesukumwa chini ya mlango, imekunjwa mara mbili. Mazoea yangu yalikuwa kuifungua, kutazama namba ya chini kabisa, kulipa, kisha kuitupia kwenye droo. Siku hiyo nilipoiona hiyo namba ya chini nilikaa kitini na viatu vyangu miguuni. Nilidaiwa uniti 29 za maji. Tangu nihamie katika nyumba ile sikuwahi kuvuka uniti 7 kwa mwezi, ukiondoa mwezi mmoja niliokuwa na wageni.

Barua ya kwanza niliiandika usiku uleule. Namshukuru Mungu haikutoka mlangoni. Niliandika kwamba naishi peke yangu, nafua mara moja kwa wiki, na siku za kazi nashinda nje. Kwamba haiwezekani mtu mmoja akanywesha bomba kiasi hicho. Kwamba huo ni uonevu. Na kwamba nitalipa uniti 7 kama kawaida yangu, basi. Kesho yake nikamsomea shangazi yangu, ambaye maisha yake yote ya kazi alitunza vitabu vya hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Humu mna hasira na mna wastani. Mwenye nyumba atakujibu kwa sentensi moja tu: mwezi huu ulitumia zaidi. Utamwambia nini?"

Nikamwambia ninazo picha za mita kwenye simu, huwa napiga kila mwanzo wa mwezi.

"Sasa mbona kwenye barua hazimo?"

Hazikuwamo kwa sababu sikuwa nimezitazama. Nilikuwa na ushahidi mfukoni na nikaenda kugombana kwa maneno.

Hizo picha nilianza kuzipiga siku niliyokabidhiwa funguo, na za mwanzo zilikuwa ovyo. Moja ina mwanga wa simu umetua katikati ya kioo, tarakimu mbili hazionekani kabisa. Nyingine nimeipiga kwa upande, nikiwa sijainama vizuri, na ukingo wa dirisha la mita umefunika nusu ya tarakimu ya mwisho, hata hujui ni 3 au 8. Nikajifunza taratibu: kwanza kufuta kioo kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la kule chini hukaa kama unga, kuzima mwanga wa simu na kutumia tochi pembeni, simu kuishika juu ya mita moja kwa moja, na namba ya mita, ile iliyochongwa kwenye uso wake, kuhakikisha imeingia kwenye picha ileile yenye usomaji. Picha ya tarakimu bila namba ya mita ni picha ya mita ya yeyote.

Uso wenyewe wa mita yangu ni rahisi ukishauzoea. Kuna tarakimu tano nyeusi na tatu nyekundu. Nyeusi ni uniti kamili, yaani mita za ujazo, na kila uniti ni lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti; tarakimu nyekundu ya mwisho ikisogea hatua moja, imepita lita moja. Ndiyo maana ukichota ndoo ya lita 20 utaona nyekundu zimesogea kwa 20, na hilo ni jaribio zuri la kujua kama mita yako inasema kweli. Bili huandikwa kwa tarakimu nyeusi tu. Tarakimu ikiwa katikati ya kugeuka, nusu moja na nusu nyingine, husomwa ile ndogo, kwa kuwa uniti hiyo haijatimia. Pembeni kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota, ambacho nilidhani ni pambo.

Basi nikaweka ankara mezani, na simu kando yake, shangazi akiwa amevaa miwani.

Ankara ilisema hivi: usomaji uliopita 302, usomaji wa sasa 331, mita imesomwa tarehe 28, kipindi ni siku 30. Toa 302 kwenye 331, unapata 29. Hesabu ya kutoa haikuwa na kosa. Shangazi aliniambia nianze na namba ya mita kabla ya namba nyingine yoyote, maana katika nyumba zenye mita nyingi zilizopangwa mstari mmoja, kosa la kawaida ni mpangaji wa mlango huu kupewa bili ya mlango ule. Nikalinganisha: namba ya kwenye ankara na ile iliyochongwa zilikuwa moja. Nikashuka hadi kwenye mita, nikafunga koki ya kuingiza maji kwangu, nikarudi kufungua bomba la jikoni. Likakohoa, likakauka. Kwa hiyo mita ni yangu, na maji yanayopita humo ni yangu. Mlango huo tukaufunga.

Kisha picha. Ya tarehe 1 mwezi uliopita, siku tatu baada ya usomaji ule wa 302, ilionyesha 00303 nyeusi na 118 nyekundu. Inaingia akilini, siku tatu, uniti moja na kitu. Usomaji uliopita sikuwa na ugomvi nao. Ya tarehe 2 mwezi huu, siku tano baada ya tarehe 28, ilionyesha 00314 nyeusi na 906 nyekundu.

Niliitazama ile picha kama mara tatu. Ankara inasema tarehe 28 mita ilikuwa 331. Picha inasema siku tano baadaye ilikuwa 314.

"Mita ya maji inarudi nyuma?" shangazi akauliza, akijifanya hajui.

Hapo ndipo barua yangu ilipoanza upya. Kumbe sikuhitaji kueleza naishi na nani, nafua mara ngapi, naoga kwa ndoo au kwa bomba la juu. Maisha yangu hayakuwa hoja. Hoja ilikuwa moja: usomaji wa baadaye hauwezi kuwa mdogo kuliko wa mwanzo. Picha yoyote iliyopigwa baada ya siku ya kusomwa mita ni dari. Usomaji wa siku ile hauwezi kuwa juu yake. Na picha yoyote iliyopigwa kabla ni sakafu. Usomaji wa kweli wa tarehe 28 ulikuwa mahali fulani kati ya 303 na 314, na 331 imetoboa dari.

Shangazi hakuridhika. Alitaka kujua kosa lilizaliwaje, kwa sababu, alisema, mtu ukimwonyesha kosa bila chanzo atakuona unamwita mwizi. Ukimwonyesha chanzo atashukuru. Akachukua kalamu. Kutoka siku ya picha ya kwanza hadi siku ya picha ya pili ni siku 32, na mita ilipitisha uniti 11.788. Gawa kwa 32, zidisha kwa 30, unapata uniti 11 na kitu kidogo. Ongeza 11 kwenye 302: 313. Akaandika 313, na chini yake 331. Halafu akatoa: 18.

"Inagawanyika kwa tisa," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Tarakimu zimepishana."

Ni ujanja wa zamani wa watunza vitabu. Mtu akinakili namba na kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani, 13 ikawa 31, 47 ikawa 74, tofauti kati ya namba sahihi na ile iliyogeuzwa daima hugawanyika kwa 9. Haithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa namba nyingi hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Lakini ukiikuta, unajua pa kuanzia kutafuta. Msimamizi wa nyumba yetu husoma mita akiwa amechuchumaa, anaandika kwenye daftari lililo juu ya goti, kisha jioni mtu mwingine anaingiza kwenye kompyuta. Namba inapita mikono miwili na macho manne kabla ya kuchapwa. 313 kuwa 331 ni jambo la sekunde.

Ningependa kusema kwamba hapo nilikuwa nimeshinda, lakini kulikuwa na kitu kimekaa kooni. Barua yangu ya hasira ilidai uniti 7. Picha zangu mwenyewe zilisema 11. Nilijaribu kumshawishi shangazi kwamba hilo tuliache, tudai tu 331 ifutwe na nilipe kawaida yangu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Picha zako ni za kweli zikikusaidia tu?"

Kwa hiyo usiku ule nikafanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya kabla hata ya kushika kalamu. Saa tano usiku nilifunga mabomba yote, nikahakikisha hakuna kinachotumia maji, nikashuka na tochi. Mita ilikuwa 00316 nyeusi, 482 nyekundu. Kile kigurudumu cha nyota, nilichodhani ni pambo, kilikuwa kinajizungusha polepole kama mtu anayetembea bila haraka. Nilisimama pale nikikitazama. Kazi yake ni hiyo: huzunguka hata kwa maji madogo ambayo tarakimu huchukua muda kuyaonyesha. Mabomba yamefungwa, nyota inazunguka. Maji yanaenda mahali.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijanawa uso, nikashuka tena. 00316 nyeusi, 521 nyekundu. Lita 39 katika saa sita na nusu, bila mtu kugusa bomba. Ni lita 6 kwa saa. Ukizidisha kwa saa 24 ni lita 144 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 4 na robo hivi. Kawaida yangu 7, ongeza 4: hizo hapo 11.

Mwizi alikuwa chooni. Nilitia rangi ya chakula kwenye tangi la juu, nikaacha bila kuvuta maji, na baada ya robo saa hivi sinki la choo lilikuwa limegeuka jekundu taratibu, mstari mwembamba ukiteremka ukutani. Mpira wa kuziba chini ya tangi ulikuwa umekakamaa, haukalii tena vizuri kwenye tundu lake. Hauna kelele, na usiku hausikii kitu. Kama tangi lisingetoa rangi ningehamia kwenye mabomba ya ukutani, na hiyo ingekuwa kazi ya fundi na nyundo.

Nikaandika barua tarehe 7 asubuhi. Naiweka hapa kama ilivyokwenda, nimeondoa tu majina na namba ya mita.

"Kwa mwenye nyumba,

YAH: USOMAJI WA MITA KATIKA ANKARA YA MAJI YA MWEZI ULIOPITA

Mama, shikamoo. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea ankara ya maji tarehe 5. Inaonyesha usomaji uliopita 302 na usomaji wa sasa 331 uliochukuliwa tarehe 28, yaani uniti 29. Namba ya mita iliyo kwenye ankara ndiyo iliyo kwenye mita yangu. Usomaji uliopita sina pingamizi nao. Ninachoomba kirekebishwe ni usomaji wa sasa.

Tarehe 2 mwezi huu, siku tano baada ya mita kusomwa, niliipiga picha ikiwa kwenye 00314 (picha ya pili). Leo asubuhi iko kwenye 00316 (picha ya tatu). Haiwezekani mita iwe ilifika 331 tarehe 28, kisha leo iwe 316. Naomba wewe au msimamizi tuitazame pamoja, hata leo, ili picha zangu zisiwe shahidi pekee.

Kati ya picha ya kwanza, ya tarehe 1 mwezi uliopita (303.118), na picha ya pili (314.906), ni siku 32, na mita ilipitisha uniti 11.788. Kwa siku 30 za ankara ni takriban uniti 11. Kwa hiyo nadhani usomaji halisi wa tarehe 28 ulikuwa 313, na tarakimu mbili za mwisho zilipishana wakati wa kunakili. Daftari la msimamizi linaweza kuonyesha.

Naomba mambo mawili. Kwanza, ankara mpya yenye usomaji wa sasa 313 na uniti 11. Pili, ankara ya mwezi ujao ianzie 313 na si 331, ili nisije nikapata maji nisiyoyalipia kwa sababu ya kosa hilihili.

Uniti 11 nazo ni nyingi kuliko kawaida yangu. Nimegundua kwamba mpira wa tangi la choo hauzibi vizuri. Maji hayo yamepita kwenye mita yangu na siyapingi, ila naomba tuelewane kuhusu kuubadilisha.

Leo nimelipa uniti 11 pamoja na tozo ya kudumu ya mwezi, risiti nimeambatanisha. Uniti 18 zilizobaki naomba zisiandikwe kuwa deni langu mpaka tutakapokuwa tumetazama mita.

Wako katika upangaji,"

Na sahihi.

Shangazi alifuta maneno mawili tu: niliandika "kosa lenu" mahali pamoja, na "kwa mara nyingine" mahali pengine, wakati halijawahi kutokea kabla. Karatasi ya pili ilikuwa na picha tatu zilizochapwa, kila moja na tarehe na usomaji wake chini, na nakala ya ankara ambayo nimeizungushia 331 kwa kalamu. Sikuzungushia kitu kingine. Ukizungushia kila kitu, msomaji hajui aanzie wapi.

Ile sentensi ya "tuitazame pamoja, hata leo" nataka niieleze, kwa sababu ndiyo iliyobeba barua nzima na nusura niisahau. Picha ya simu ina udhaifu. Tarehe ya simu hubadilishwa na yeyote anayejua kuingia kwenye mipangilio, na picha ukiituma kwa programu za ujumbe, mara nyingi ile taarifa ya siku na saa iliyofichwa ndani yake huondolewa. Faili asilia niliiacha kwenye simu bila kuikata wala kuipamba, lakini bado mtu mwenye shaka angeweza kusema nimezipanga. Mita yenyewe haipangwi. Tarehe 7 ilikuwa bado 316, na mtu yeyote angeweza kushuka ngazi na kuona kwamba haijafika 331 wanayosema ilifika wiki moja na zaidi iliyopita.

Lakini shahidi huyo ana muda wake. Kutoka 316 hadi 331 ni uniti 15, na kwa mwendo ule wa uniti 11 kwa mwezi mita yangu ingezifikia baada ya siku 40 hivi. Ningenyamaza kwa mwezi na ushee, nikilalamika na majirani kwenye ngazi, siku moja mita ingepita 331 kimyakimya, na kuanzia hapo ningebaki na picha tu. Siku hizi picha ya mwanzo wa mwezi naituma kwa mwenye nyumba siku ileile, bila maneno mengi. Tarehe ya ujumbe iko kwenye simu yake, si yangu peke yangu.

Jibu la kwanza lilikuja kwa simu, jioni. Mama hakuwa mkali. Alisema ameisoma barua, ameelewa, lakini nisisumbuke: kama mita ilisomwa juu mwezi huu, mwezi ujao itaonekana nimetumia kidogo, na itajisawazisha yenyewe.

Nilikuwa nimetegemea hilo, na ni hoja yenye ukweli nusu. Kama kila uniti ina bei moja, ni kweli: unacholipa zaidi leo unakipata baadaye, mradi hujahama nyumba kabla mita haijafika pale ilipoandikwa. Ila bili yetu inapanda kwa ngazi. Uniti za mwanzo zina bei ya chini, zinazofuata bei ya juu zaidi, na zinazozidi hapo bei ya juu kabisa. Uniti 11 zangu zote zilikaa kwenye ngazi mbili za chini. Uniti 29 zilinisukuma mpaka ya tatu. Miezi inayofuata nikisomwa sifuri, ninachookoa ni uniti za bei ya chini, wakati nilizolipa zaidi ni za bei ya juu. Uniti zingerudi zote. Fedha isingerudi yote.

"Mama, naomba radhi kukukatiza," nikasema, nikamweleza kwa kutumia ankara yake mwenyewe, mstari kwa mstari, maana ngazi zote tatu zilikuwa zimechapwa pale na uniti zake. Akanyamaza kidogo. Nikasikia karatasi zikifunguliwa.

"Subiri nikupigie," akasema.

Alipiga kesho yake mchana. Alikuwa amefanya kitu ambacho mimi nisingeweza, kwa kuwa sina karatasi zake: alijumlisha uniti za wapangaji wote na kulinganisha na mita kuu, ile ambayo yeye analipia. Kwa kawaida jumla ya mita ndogo huwa pungufu kidogo ya mita kuu, kwa sababu kuna bomba la uani na maji yanayopotea njiani. Mwezi ule jumla ya wapangaji ilikuwa imeizidi mita kuu. Wapangaji hawawezi kutumia maji mengi kuliko yaliyoingia getini. Akamwita msimamizi na daftari lake, na penseli ilikuwa wazi kabisa: 313. Aliyeingiza kwenye kompyuta ndiye aliyegeuza.

"Na wewe barua umeiandika kama mwalimu," akaniambia. Sikujua kama ni sifa au ni lawama, nikashukuru tu.

Sitaki kudai kwamba karatasi tatu zingetosha kwa kila mwenye nyumba. Zilitosha kwa huyu, ambaye alikuwa tayari kufungua daftari. Na zilitosha kwa kosa la aina hii, la namba kuwa juu ya mita. Kama mita yenyewe ingekuwa inakimbia, inahesabu lita 25 kwa ndoo ya 20, picha zangu zote zingekubaliana na ankara na nisingekuwa na hoja yoyote kwenye picha. Hapo ni jaribio la ndoo, kisha mita kupelekwa kupimwa. Na kama usomaji ungekuwa wa kukadiria, bila mtu kufika kwenye mita, kitu cha kutafuta kwenye ankara ni neno au alama inayosema hivyo. Yangu iliandikwa kuwa imesomwa.

Ankara mpya ilikuja baada ya siku tatu: usomaji wa sasa 313, uniti 11, kiasi kilichobaki sifuri. Mpira wa tangi tuligawana. Yeye alinunua, mimi nikaufunga mwenyewe kwa nusu saa na matusi machache. Usiku ule nikashuka tena na tochi. Nyota ilikuwa imetulia.

Tarehe 28 iliyofuata niligongewa mlango mapema. Msimamizi alikuwa amesimama na daftari, kalamu sikioni.

"Njoo tusome wote," akasema. "Sitaki barua."

Akachuchumaa, akafuta kioo kwa kidole gumba, na akasoma tarakimu moja moja kwa sauti: sifuri, sifuri, tatu, mbili, mbili. Nikazirudia nyuma yake, akaandika, nikapiga picha. Kisha akageuza daftari ili nami nione alichoandika.